Ramani inageukaje kuwa BOQ? Msaada kwa msingi wa nyumba ya mita 10 kwa 8, Usa River

Mjenga_Usa
Habari zenu wakuu. Nina kiwanja Usa River na ramani iliyokwisha kupitishwa ya nyumba ndogo, mita 10 kwa 8 kwa nje, yenye ukuta mmoja wa ndani unaoigawa nyumba pande mbili. Niliwapa makandarasi watatu kopi ya ramani nikawaomba bei ya msingi peke yake, bila jamvi, yaani zege la sakafu. Wa kwanza ameleta milioni 4.1, wa pili milioni 5.6, na wa tatu milioni 7.3. Kila mmoja ameandika mstari mmoja tu: "Kujenga msingi, vifaa na ufundi." Ndugu yangu amenishauri nitafute kwanza BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake, ndipo niombe bei upya. Ninachotaka kuelewa ni jinsi michoro inavyogeuka kuwa orodha ambayo mkandarasi anaweza kuiwekea bei. Karatasi ya 2 inaonyesha ramani ya sakafu na ukuta wa milimita 150. Karatasi ya 4 ni mkato wa msingi: mtaro upana 600, kina 900 kutoka usawa wa ardhi, mkanda wa zege unene 200, na ukuta wa msingi unaopanda hadi 300 juu ya ardhi.

Fundi_Kisongo
Dada, hilo halihitaji mtu wa kulipwa. Zunguka nyumba kwa nje, 10 na 10 na 8 na 8, unapata 36. Ongeza ukuta wa ndani, mita 8, unapata 44. Zidisha kwa upana na kina cha mtaro, hapo una uchimbaji wako wote. Ikizidi kidogo si hasara, kwa kuwa kazini kuna upotevu na udongo huporomoka. Kisha hesabu tofali, mifuko ya saruji na tripu za mchanga, uwape makandarasi orodha hiyo. Huo ndio mchanganuo ninaoandika mimi miaka yote.

Kamba_na_Tepu
Fundi, orodha unayoieleza ni ya kwenda nayo dukani, na ina kazi yake, lakini BOQ ni kitu kingine. BOQ inaorodhesha kazi iliyokamilika mahali pake, na kila kazi hupewa maelezo, kipimo na nafasi ya bei. Mimi ni mkadiriaji majenzi hapa Arusha, na msingi wa dada huyu ni mdogo kiasi kwamba tunaweza kuupima hapa hapa.

Jambo la kwanza ni urefu, nako ndiko wengi wanakoteleza. Ukijumlisha pande za nje unapata mita 36.00, ila katika kila kona umehesabu kipande kilekile cha ukuta mara mbili. Njia yetu ni kutafuta mstari unaopita katikati ya unene wa ukuta. Unachukua mzunguko wa nje, unatoa unene wa ukuta mara nne, mara moja kwa kila kona: 36.00 kutoa 4 × 0.15 ni mita 35.40. Uzuri wa mstari huo ni kwamba mtaro, mkanda wa zege na ukuta vyote vimekaa juu yake, kwa hiyo namba hiyo moja hutumika kwa vyote vitatu.

Ukuta wa ndani ndio wenye mtego. Kutoka katikati ya ukuta wa mbele hadi katikati ya ukuta wa nyuma ni mita 7.85. Mtaro wake hauanzi hapo, kwa kuwa nusu ya upana wa mtaro wa nje, yaani 0.30, tayari imechimbwa kila upande. Urefu wa kuchimba unabaki 7.25. Ukuta wenyewe ni mwembamba kuliko mtaro, kwa hiyo unaendelea hadi ugusane na ukuta wa nje, na urefu wake unakuwa 7.70. Ukiona karatasi ya vipimo yenye urefu mmoja wa ukuta wa ndani kwa mtaro na kwa tofali, ujue aliyepima hakuufikiria msingi jinsi unavyokaa ardhini.

Basi mtaro na mkanda wa zege ni 35.40 na 7.25, jumla 42.65. Ukuta ni 35.40 na 7.70, jumla 43.10.

Uchimbaji ni 42.65 × 0.60 × 0.90, yaani mita za ujazo 23.03.
Zege la mkanda ni 42.65 × 0.60 × 0.20, yaani mita za ujazo 5.12.
Ukuta wa msingi, kutoka juu ya zege hadi milimita 300 juu ya ardhi, una kimo cha mita 1.00, kwa hiyo ni mita za mraba 43.10.

Kuhusu upotevu: Fundi, upotevu upo kweli, na hakuna anayeukana. Tofauti ni mahali pa kuuweka. Kipimo huandikwa kama ramani inavyoonyesha, bila nyongeza, kisha kila mkandarasi anaweka upotevu wake ndani ya bei ya kipimo. Anayevunja tofali nyingi atakuwa na bei ya juu, nawe utaiona. Ukiweka nyongeza kwenye kipimo, naye akaiweka kwenye bei, unaulipia upotevu uleule mara mbili bila kujua.

Ngarenaro_Juu
Mimi ramani yangu iko halmashauri mwezi wa pili sasa. Je, BOQ inasaidia kuharakisha kibali?

Kamba_na_Tepu
Hapana ndugu, kibali kinafuata michoro. BOQ inakuja unapotafuta mkandarasi. Anzisha uzi wako, utapata watu waliopita huko karibuni.

Tengeru_Mbili
Mkuu Kamba, naomba nikukosoe kwa heshima. Umechimba 900 kutoka usawa wa ardhi ya asili. Je, udongo wa juu hautakwanguliwa kwanza? Kiwanja cha Usa kina udongo wenye mizizi ya kahawa na majani, hakuna anayejenga juu yake. Kama utaandika ukwanguaji kama kazi ya peke yake, na mtaro umeuanzia juu ileile, milimita 150 za mwanzo umezilipia mara mbili.

Kamba_na_Tepu
Umenikamata, na nashukuru. Niliruka hatua kwa haraka. Nisahihishe.

Ukwanguaji huenda hadi ukingo wa nje wa mkanda wa zege. Mkanda una 600 na ukuta 150, kwa hiyo zege linatokeza 0.225 kila upande. Eneo ni 10.45 × 8.45, yaani mita za mraba 88.30, na unene ni milimita 150. Baada ya hapo mtaro unaanzia usawa uliokwanguliwa, na kina chake kinabaki 0.75: 42.65 × 0.60 × 0.75 ni mita za ujazo 19.19. Kosa langu lingemgharimu dada takriban mita za ujazo 3.8 za uchimbaji usiokuwepo. Zege na ukuta havibadiliki, kwa sababu chini ya mtaro ni palepale.

Sasa udongo uliotoka unakwenda wapi? Katika mtaro wa 19.19, zege limechukua 5.12. Ukuta ulio ndani ya mtaro una kimo cha 0.55, kwa hiyo umechukua 43.10 × 0.15 × 0.55, yaani 3.56. Kinachobaki, 10.52, ni udongo wa kurudishia na kushindilia. Uliokosa nafasi, 8.67, ni wa kusomba. Hesabu hii pia ndiyo ninayotumia kujikagua: kurudishia na kusomba vikijumlishwa lazima virudi kwenye uchimbaji. Visiporudi, kuna kipimo kimepotea njiani.

Baada ya hapo kila namba hukadiriwa hadi namba nzima iliyo karibu, na kila kazi huandikwa kwa maelezo yanayojitosheleza:

A. Kukwangua udongo wa juu, unene wa wastani milimita 150, na kuurundika ndani ya kiwanja: mita za mraba 88.
B. Kuchimba mtaro wa msingi kuanzia usawa uliokwanguliwa, kina kisichozidi mita 1.50, pamoja na kuzuia kingo zisiporomoke: mita za ujazo 19.
C. Zege la uwiano 1:2:4 kwenye mkanda wa msingi: mita za ujazo 5.
D. Ukuta wa msingi wa tofali za saruji, unene milimita 150, kwa mota ya 1:4: mita za mraba 43.
E. Kurudishia udongo uliochimbwa na kuushindilia kwa tabaka: mita za ujazo 11.
F. Kusomba udongo uliozidi nje ya kiwanja: mita za ujazo 9.

Kipengele F kinapimwa udongo ukiwa bado umelala ardhini. Ukishachimbwa huvimba, na mita 9 zinaweza kujaza lori kama mita 11 au zaidi. Mkandarasi mzoefu analijua hilo, na huliweka kwenye bei ya kusomba.

Mjenga_Usa
Ahsante sana, nimekufuata hadi hapo. Ila bado sioni mkandarasi anavyoitazama D na kupata shilingi. Na mtu atakayenunua tofali atajuaje idadi?

Kamba_na_Tepu
Tuchukue mita moja ya mraba ya ukuta huo. Tofali la inchi 6 lililosimamishwa, uso wake ukiwa na urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, pamoja na mota huingia kama 9 kwa mita ya mraba. Mkandarasi anaweka 10 kwa sababu ya yanayovunjika. Natumia bei za mfano tu, weka za kwako: tofali 10 kwa 1,500 ni 15,000, mota 3,500, fundi na kibarua 5,000. Hiyo ni 23,500. Anaongeza asilimia 15 ya uendeshaji na faida, inafika 27,025, anaandika 27,000. Mara 43 ni 1,161,000.

Atakayekwenda kununua anazidisha 43 kwa 10 na kupata tofali 430. Ndiyo maana nilisema orodha ya Fundi ina kazi yake, ila inazaliwa na BOQ, si kinyume chake.

Fundi_Kisongo
Nimekubali habari ya kona na ya upotevu. Lakini mkuu, na wewe kuna mahali umekwenda kiofisi. Huku site ukuta wa msingi hatusimamishi tofali, tunalaza. Ukilaza, ukuta una inchi 9 na tofali zinaingia nyingi zaidi. Hizo 430 zako zitaisha kabla msingi haujafika juu.

Kamba_na_Tepu
Fundi, hapo umenena. Unene nimeuchukua karatasi ya 2, ambayo ni ukuta wa juu ya jamvi. Dada Mjenga, tazama mkato kwenye karatasi ya 4: ukuta wa msingi umeandikiwa unene gani?

Mjenga_Usa
Umechorwa mnene kidogo kuliko wa juu, lakini hauna namba. Nimeupima kwa rula nikapata kama 200 hivi.

Kamba_na_Tepu
Usipime kwa rula, hasa juu ya kopi. Mashine ya kopi hupunguza au kukuza karatasi bila kukuambia. Kipimo kisichoandikwa huulizwa kwa aliyechora, kwa maandishi, na jibu lake ndilo linaloingia kwenye BOQ.

Tuangalie tofauti inayoletwa na namba hiyo moja iliyokosekana. Tofali likilazwa, ukuta una milimita 230 na kila kozi ina kimo kidogo, kwa hiyo mita ya mraba inakula kama tofali 14, na 15 ukiweka yanayovunjika. Mstari wa kati haujasogea, ukuta wa ndani unafupika hadi 7.62, na eneo linakuwa 43.02. Ukikadiria hadi namba nzima, bado ni 43. Kipimo hakijabadilika hata kidogo, lakini tofali zimepanda kutoka 430 hadi 645, na mota nayo imepanda. Tofauti yote imo katika maneno mawili ya maelezo. Halafu ukuta mnene unakula nafasi zaidi ndani ya mtaro: E inashuka kutoka 11 hadi 9, na F inapanda kutoka 9 hadi 11.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningewauliza wale watatu swali moja: tofali za msingi mmelaza au mmesimamisha?

Shamba_Kibosho
Naingia na yaliyonikuta Moshi, kwa sababu naona hamjayagusa. Nilikuwa na BOQ nzuri tu, yenye kipengele cha uchimbaji kama hicho B. Tulipofika nusu mita tukakuta mawe makubwa ya mlimani, mengine yanashinda ng'ombe. Mkandarasi akasimamisha kazi, akasema bei yake ilikuwa ya udongo. Mimi nikasema kuchimba ni kuchimba. Tulibishana wiki tatu, nikaishia kulipa nyongeza aliyoitaja mwenyewe, na mawe yalikuwa yameshapasuliwa na kutolewa, hakuna wa kusema yalikuwa kiasi gani. Je, nani alikuwa na haki?

Kamba_na_Tepu
Pole mzee. Kwa jinsi ninavyosoma, yeye alikuwa na hoja juu ya mwamba, nawe ulikuwa na hoja juu ya kiasi. Kwa kawaida uchimbaji usiotaja mwamba huhesabiwa ni wa udongo. Ulikosa kipengele cha pili chini ya B: "Ziada juu ya uchimbaji kwa kukuta mwamba," chenye kiasi cha kukisia, tuseme mita za ujazo 3, na bei iliyotolewa wakati makandarasi bado wanashindana. Mwamba ukitokea, unapimwa na pande zote mbili kabla haujafukiwa wala kuondolewa, mnasaini, na kiasi halisi kinachukua nafasi ya kile cha kukisia. Usipotokea, kipengele kinafutwa.

Pia elezeni mwamba ni nini. Jiwe linalong'olewa kwa mtaimbo si sawa na linalohitaji kupasuliwa.

Tengeru_Mbili
Hapo mimi sikubaliani moja kwa moja. Nimeona makandarasi wakiweka bei kubwa ajabu kwenye hizo mita 3, kwa kuwa haziathiri jumla yao sana wakati wa ushindani. Kisha mwamba unageuka kuwa mita 15, na mwenye nyumba analia. Ni heri kuchimba mashimo mawili matatu ya majaribio kabla ya kuandika BOQ. Gharama yake ni vibarua wa siku moja.

Kamba_na_Tepu
Mashimo ni jambo jema, na kwa Usa River ningeyachimba. Ila shimo linaonyesha pale ulipochimba tu, na mawe ya kuporomoka kutoka mlimani hayakai kwa mpango. Ile bei kubwa unaiona wakati wa kulinganisha, na unaweza kuikataa kabla ya kusaini. Bila kipengele, hakuna bei ya kuikataa.

Tengeru_Mbili
Ukiwa na mtu wa kukulinganishia, sawa. Wengi hawana. Mimi nabaki na mashimo yangu.

Shamba_Kibosho
Kwangu ningechukua yote mawili. Ila sasa nimeshajenga.

Fundi_Kisongo
Swali langu ni jingine. Nyumba ya mita 10 kwa 8, mtu atamlipa mkadiriaji kiasi gani hadi aone faida? Wateja wangu wengi wanajenga kozi mbili wanapumzika, mwakani kozi tatu.

Kamba_na_Tepu
Kwa mtu anayejenga polepole na fundi mmoja anayemwamini, sitamdanganya kwamba lazima awe na BOQ kamili. Karatasi ya vipimo kama tuliyoandika hapa inaweza kumtosha kwa kununua vifaa. Anayetaka kushindanisha bei au kusaini mkataba wa jumla, huyo hali yake ni tofauti. Na akitafuta mtu, aulize kama amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.

Mjenga_Usa
Wakuu, narudi na majibu. Nimewapigia wote watatu. Wa milioni 4.1 amesimamisha tofali, hakuweka ukwanguaji, na hana mpango wa kusomba udongo: anasema atautandaza hapo hapo kiwanjani. Wa milioni 5.6 amelaza, ila naye hakukwangua. Wa milioni 7.3 amelaza, amekwangua, amesomba, na ameongeza tabaka jembamba la zege la usafi chini ya mkanda, ambalo kwenye ramani halipo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kwa udongo ule hawezi kumwaga zege juu ya tope.

Kamba_na_Tepu
Basi hujapewa bei tatu za msingi mmoja, umepewa bei za misingi mitatu. Zege la usafi liandike kama kipengele chake, kwa mita za mraba na unene wake, mbunifu akilikubali. Kumbuka linashusha chini ya mtaro kwa unene uleule, kwa hiyo B nayo itapanda, na F pamoja nayo.

Mjenga_Usa
Nimempigia mbunifu kuhusu unene wa ukuta na zege la usafi. Ameniambia niandike maswali yote mawili kwa barua pepe, na atanijibu Jumatatu akirudi kutoka Babati. Nimeandika vipengele vyote kama mlivyonielekeza na kuongeza mstari wa mwamba wenye mita 3. Kwenye D nimeacha unene wazi, na hakuna mkandarasi nitakayempa karatasi hii kabla Jumatatu haijafika. Kesho asubuhi wanakuja vijana wawili na majembe, kwa ajili ya mashimo ya Tengeru_Mbili.

Tengeru_Mbili
Moja lichimbwe pale ukuta wa ndani unapokutana na wa nyuma. Ufike mita moja, na upige picha ukiwa umeweka tepu ndani.